Vifuniko Sita

Mpaka siku anakata kauli, mama mkwe hakuwahi kupokea pesa bila kuzihesabu mbele ya aliyempa. Iwe chenji ya sabuni, iwe kodi ya chumba cha uani, iwe noti moja tu iliyotoka kwa mtoto wake wa kumzaa, alikuwa akiizungusha kwenye kidole cha shahada kama mtu anayejipima pete. Akishaujua urefu wake kwa kidole, anaipeleka chini ya paja la kulia, anapokea nyingine. Mgeni akifikiri ametukanwa, shauri yake.

Macho yalimwacha akiwa na miaka hamsini na saba. Presha ya macho, walisema hospitalini, na presha ya macho haina makelele. Inakula pembeni kidogo kidogo mpaka mtu anabaki anaona kama aliyechungulia kwenye bomba. Jicho la kushoto lilizimika kabisa. La kulia lilibaki linajua tofauti ya mlango uliofunguliwa na mlango uliofungwa, na hiyo ndiyo tofauti aliyoing'ang'ania. Kiti chake kiliwekwa hapo hapo kwenye ujia, kati ya sebule na mlango wa mbele, na hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka bila kugusana na magoti yake.

"Nani?"

"Mimi, mama."

"Mimi ndiyo jina la watu wangapi?"

Mke wa mwanawe alikuwa amelijibu swali hilo kwa miaka sita. Mtaani walimwita Bi Harusi, kwa sababu siku alipoletwa pale ilinyesha mvua akateleza getini na gauni lake jeupe, na watu hawakusahau. Mama mkwe walimwita Keshia. Alikaa miaka thelathini kwenye dirisha la tiketi za mabasi ya safari ndefu, na hata baada ya kupofuka aliendelea kuongea kama mtu aliye nyuma ya kioo: maneno machache, na bei yake.

Mume alikuwa mwendesha greda kwenye ujenzi wa barabara, mbali, siku mbili kwa basi. Alikuja mara mbili kwa mwaka. Kati ya ziara hizo nyumba ilibaki ya wanawake wawili, kiti kimoja na simu ndogo ya vitufe iliyoning'inia shingoni mwa mama mkwe kwa kamba ya kiatu.

Pesa ziliingia kupitia simu hiyo. Mume hakutuma kwenye simu ya mkewe. Alitumia huduma ya benki ya kutoa pesa bila kadi: akiwa huko huko kambini anaingia kwenye simu yake, anaandika kiasi na namba ya simu ya mama yake, na benki inamtumia mama ujumbe wenye tarakimu za kutolea. Tarakimu hizo zinaishi siku moja, zinatumika mara moja, na kiasi ni kile kile kilichoandikwa, hakikatwi vipande. Lakini peke yake hazitoshi. Kuna namba ya siri ya pili ambayo benki haimtumii mpokeaji. Anaiweka mtumaji mwenyewe, na ni juu yake kumwambia anayekwenda kutoa.

Mume aliinong'oneza kwa mama yake.

Kwa hiyo kila mwezi ilikuwa hivi: Bi Harusi anasoma ujumbe kwa sauti, mama mkwe anasikiliza, Bi Harusi anaziandika tarakimu kwenye kipande cha karatasi. Anavaa ndala. Anafika kwenye magoti. Hapo ndipo mama mkwe anamvuta mkono, anamwinamisha, na kumwambia sikioni ile namba ya siri, kama vile kuijua mapema kungemharibu. Bi Harusi aliwahi kumweleza mumewe kwamba inamuuma. Mumewe akacheka. "Mama alikuwa keshia, mama watoto. Usimchukulie hivyo." Watoto wenyewe walikuwa bado hawajapatikana, na hilo nalo lilimuuma, lakini lilikuwa la siku nyingine.

Mwezi ule zilikuja laki sita. Zilikuwa za kliniki ya macho: daktari alitaka kulifanyia upasuaji lile jicho la kulia, siyo lione zaidi, ila kidogo kilichobaki kisipotee. Malipo yalitakiwa Ijumaa. Bi Harusi alikwenda kutoa Jumatatu.

Wakala wa benki alikuwa na duka la vifaa vya umeme pembeni mwa stendi. Walimwita Shemeji wa Wote, kwa sababu hakuna mwanamke aliyepita pale akakosa kuitwa shemeji. Dirisha lake lilikuwa na nondo, na juu ya nondo wavu, na kwenye wavu tundu la kiasi cha tofali moja. Humo ndani alikaa yeye, mashine ya benki, feni na droo. Asubuhi alijifungia kwa ndani, na ufunguo akautundika msumarini. Hata akitaka kwenda msalani alifunga mashine kwanza, akafunga droo, akaomba radhi kwa foleni kupitia tundu.

Siku hiyo mvua ilikuwa inatishia na foleni ilikuwa ndefu. Mbele ya Bi Harusi alikuwepo mwanamke mwenye mkono uliofungwa plasta. Alitoa elfu sitini. Nyuma yake alikuwepo dereva wa lori aliyekuwa akihema kama lori lenyewe.

"Shemeji! Bi Harusi wetu! Karibu, leo unatufilisi?"

"Bila kadi. Laki sita."

"Mama yangu! Soma namba."

Akazisoma tarakimu, wakala akaziingiza kwenye mashine, akaingiza na namba ya simu ya mama mkwe na kiasi. Kisha akaipitisha mashine kwenye tundu, akageuza uso pembeni kama inavyotakiwa, na Bi Harusi akabonyeza mwenyewe ile namba ya siri. Mashine ikafikiri. Ikatapika risiti mbili, moja ya wakala, moja yake.

Wakala akafungua droo, akatoa vibunda sita vya noti za elfu kumi, kila kimoja kimebanwa kwa mpira, akavipanga kwenye tundu kama mtu anayepanga vipande vya sabuni. "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Kumi kumi. Laki sita hizo."

Bi Harusi akaanza kuvuta mpira wa kwanza.

"Dada, unahesabu au unasuka?" dereva wa lori akauliza. "Mvua hiyo inakuja."

Watu wakacheka. Wakala naye akacheka. "Shemeji, mimi na wewe leo tumejuana? Kahesabu nyumbani, kwanza mama yako atarudia tu."

Alikuwa na miaka sita ya kuhesabiwa kila siku, kila chenji, kila kitunguu. Pale dirishani kulikuwa na mtu aliyemwambia kwamba hakuna haja. Akaurudisha mpira mahali pake, akavitia vibunda kwenye mkoba na risiti juu yake, akaondoka kabla ya tone la kwanza. Njia nzima alijisikia mwepesi.

Mama mkwe alifungua kibunda cha kwanza mapajani. Kidole cha shahada kikafanya kazi yake. Tisa. Akakiweka pembeni, akafungua cha pili. Tisa. Bi Harusi alikuwa amesimama mbele ya magoti akiwa bado na maji ya mvua kichwani, na kufikia kibunda cha tatu alikuwa anahesabu naye kimoyomoyo, akiomba noti ijigawe. Tisa. Tisa. Tisa. Tisa.

"Zimepungua sita," mama mkwe alisema. "Elfu sitini."

"Mama, sikuzifungua. Sijagusa hata moja."

"Ulihesabu dirishani?"

Bi Harusi alifuta maji ya mvua usoni.

"Nimeuliza."

"Palikuwa na foleni."

Mama mkwe aliweka mikono juu ya noti. Kisha akasema, bila ukali, "Rudi sasa hivi. Na risiti."

Alirudi akikimbia kwenye mvua. Wakala alimsikiliza kupitia tundu, na jinsi alivyozidi kusikiliza ndivyo ushemeji ulivyozidi kumtoka. "Dada yangu, kwenye ukuta hapo pameandikwa nini? Hesabu pesa zako kabla ya kuondoka. Umetoka hapa na mkoba, umekwenda umefika, umekaa, ndiyo unarudi? Kila anayepoteza pesa njiani akija kwangu mimi nitauza hata feni." Watu wa foleni walimtazama Bi Harusi. Hakuna aliyesema kitu, na hicho ndicho alichokibeba kurudi nyumbani.

"Amekataa," alisema kwenye magoti.

"Nimesikia kwenye miguu yako," mama mkwe akajibu. Akavuta pumzi. "Pita."

Hakumwita mwizi. Ingekuwa afadhali angemwita. Neno lingekuwa na kona za kushika, angelipinga, angelia. Badala yake mama mkwe alichukua kitambaa chake cha kiunoni, akahesabu elfu sitini za akiba yake mwenyewe, akazijazia kwenye zile za kliniki, na mazungumzo yakaishia hapo. Ile mipira sita aliivaa kwenye kifundo cha mkono wa kushoto kama bangili.

Jumanne alikuja wifi, dada mkubwa wa mume. Alikuwa mtu wa kuingia akiwa tayari ameshakaa.

"Nasikia pesa za jicho la mama zimeota miguu."

"Wakala alinipunja, wifi."

"Wakala yule yule anayelipa mtaa mzima? Akupunje wewe peke yako?" Akajipepea na kanga. "Wifi yangu, kama ulikuwa na shida ungesema. Sisi ni ndugu. Mtu anaomba."

"Mama," Bi Harusi aligeukia kitini, "niseme nini?"

Mama mkwe alikuwa anazungusha mpira mmoja kwenye kidole. "Chai yangu imepoa," alisema.

Jioni ile mume alipiga. Alizungumza na mama yake kwanza, halafu simu ikapitishwa, ikiwa bado na kamba shingoni mwa mama, hivi kwamba ili kuongea na mumewe Bi Harusi ilimbidi apige magoti na kuweka shavu karibu na kifua cha mama mkwe.

"Wewe niambie ukweli tu," mume alisema. "Sitakasirika."

"Ukweli ndio huo niliosema."

"Sawa. Lakini fikiria."

Mama mkwe alisikia kila neno. Asingeweza kutosikia, maneno yalipita juu ya moyo wake kabla ya kufika.

Jumatano, Bi Harusi alitoka kuchota maji bombani, akarudi, akafungua sanduku lake kutafuta kitenge. Nguo zilikuwa zimekunjwa. Yeye hukunja mara mbili na kuviringisha. Hizi zilikunjwa mara tatu, pembe kwa pembe, bapa kama tiketi, na zilinuka mafuta ya dawa ya macho. Hata soksi zilikuwa zimegeuzwa na kurudishwa. Chini kabisa, picha ya marehemu mama yake ilikuwa imelazwa kifudifudi.

Alikaa kitandani akaishika ile picha. Chumba kilikuwa na dirisha moja lililotazama ukuta wa jirani. Alifikiria kuondoka, akaanza kupanga kichwani: mkoba, basi, kwa kaka. Kwa kaka wangemuuliza umerudi kwa nini, naye angejibu nini? Akiondoka, elfu sitini zingeondoka naye. Zingekuwa zake milele, kila mtu angejua alizipeleka wapi. Akikaa, atapita kwenye yale magoti mara ishirini kwa siku mpaka mmoja wao afe. Hakuna mlango wa tatu. Akazikunja nguo upya, kwa mtindo wake, moja moja.

Alipotoka, mama mkwe aliita.

"Njoo ukae hapa chini."

Akakaa.

"Nimepekua sanduku lako."

"Nimeona."

"Hamna kitu."

"Najua hamna kitu, mama. Ni sanduku langu."

Kitu kama tabasamu kilipita usoni mwa mama mkwe, hakikukaa. Alivua mipira sita kifundoni akaiweka kwenye kiganja cha Bi Harusi. "Nimekaa na hii siku tatu inanisumbua. Sisi wa dirishani hatufungi kumi kwa mpira. Unachukua noti tisa, ya kumi unaikunja katikati unawavika wenzake. Tunaiita kifuniko. Kifuniko kinashika chenyewe, mpira wa nini? Na kifuniko kina alama, mkunjo wake hautoki hata upige pasi. Nimezipapasa zote hamsini na nne. Hamna hata moja yenye mkunjo wa katikati." Akamgeukia. "Sasa kumbuka. Aliyekuwa mbele yako alitoa ngapi?"

"Yule wa plasta? Elfu sitini."

"Na wakala alizitoa vipi? Alifungua kibunda kimoja akahesabu sita?"

Bi Harusi alifumba macho ili aone. Feni. Droo. Mkono wa wakala ukipita juu ya vibunda kama mtu anayechuma majani ya chai, tap, tap, tap. "Alichomoa juu juu. Moja kila kibunda."

"Halafu?"

"Halafu akatafuta mipira."

Mama mkwe alicheka, kicheko kifupi kikavu ambacho Bi Harusi hakuwahi kukisikia ndani ya nyumba ile. "Ameazima vifuniko. Mtu mvivu huyo. Hataki kuvunja kibunda abaki na noti nne zinazozagaa, anachomoa vifuniko, anabana vilivyobaki kwa mpira, anasema akija wa kuweka pesa nitavirudishia. Halafu unakuja wewe, anahesabu vibunda, hahesabu noti." Kicheko kikaisha. "Nazijua hizo kwa sababu nimezifanya."

Akasimulia akiwa ametazama mlango, ile sehemu yenye mwanga. Mwaka wake wa nne dirishani, siku ya msongamano, alimrudishia mama mmoja chenji kutoka kwenye kibunda cha noti ndogo kisicho na kifuniko. Yule mama alirudi baada ya robo saa, mtoto mgongoni, akidai noti moja imepungua. Keshia akamwambia kilichoandikwa ukutani. Saa kumi na moja, kufunga hesabu, droo ikazidi noti ile ile moja. Akamwambia msimamizi, msimamizi akasema ziada haina mwenyewe, wakaitia kwenye boksi la ofisi. Ilikuwa nauli ya yule mama. "Nilimtafuta stendi nzima. Sikumwona tena. Tangu hapo sitoi wala sipokei bila kuhesabu, na ninayempa namlazimisha ahesabu. Watu wanasema siwaamini."

Bi Harusi alitaka kusema jambo kuhusu siku tatu, kuhusu sanduku, kuhusu chai iliyopoa. Yalikuwa mengi. Akamrudishia mipira kiganjani.

"Nipigie mwanangu," mama mkwe alisema.

Ilibidi alalamike mume, kwa kuwa akaunti iliyokatwa ni yake. Alipiga huduma kwa wateja kwa namba iliyochapishwa nyuma ya kadi yake ya benki, siyo namba ya kupewa na mtu, na Bi Harusi alimsomea kila kitu kutoka kwenye risiti: kumbukumbu namba ya muamala, namba ya wakala, tarehe, saa na dakika, kiasi kilichokatwa. Kisha kiasi kilichopokelewa. Benki ilimpa namba ya malalamiko, ikamwambia wataomba taarifa ya wakala ya kufunga siku ile, na jibu litakuja ndani ya siku saba za kazi. Ikamwonya pia kwamba wao hawataomba namba ya siri wala malipo yoyote, akitokea wa kuomba, akate simu.

"Nimewaambia shahidi ni mama yangu," mume alisema.

"Mwambie mkeo," mama mkwe akajibu, "siyo mimi."

Simu ikapitishwa kwa kamba yake. Mume alikohoa. "Basi... pole, mama watoto."

"Asante," alisema, shavu lake kifuani kwa mama mkwe, na mioyo miwili ikigonga karibu karibu, kila mmoja kwa mwendo wake.

Kesho yake asubuhi mama mkwe aliomba apelekwe dirishani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi kutoka nje bila kwenda hospitali. Alimshika Bi Harusi begani, wakapita mtaa mzima hivyo, na watu walionyamaza Jumatatu sasa wakawa na salamu nyingi.

Foleni ilimpisha. Alipapasa nondo, akapapasa wavu, akalikuta tundu, akaliwekea mkono pembeni kwa uzoefu, kama mtu aliyeikuta nyumba yake ya zamani ikiwa na mpangaji mwingine.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ni wewe unayeitwa Shemeji?"

"Ndiyo mama yangu."

Akaipitisha mipira sita kwenye tundu, mmoja mmoja. Kisha akainama, sauti yake ikawa ya chini, ya watu wawili wa kazi moja. "Mimi nilikaa ndani ya kisanduku kama hicho miaka thelathini, mwanangu. Sikuja kukutukanisha. Jumatatu ulipofunga hesabu, droo ilizidi ngapi?"

Feni ilizunguka. Ndani ya nondo, wakala aliitazama mipira, akatazama mlango wake uliofungwa kwa ndani, ufunguo msumarini, na foleni iliyojaa nje. Bi Harusi aliuona uso ule akautambua. Alikuwa ameuvaa mwenyewe tangu Jumatatu.

"Sitini," alisema.

"Uliiandika?"

Akavuta daftari kutoka chini ya droo. Ilikuwa imeandikwa, kwa kalamu, tarehe ya Jumatatu: ziada elfu sitini. "Nilijua ni yake jioni ile ile. Lakini nilikuwa nimeshamfokea mbele ya watu. Nikasema atarudi. Hakurudi. Nikasema nikiripoti benki wataniuliza kwa nini nilimkatalia." Akafungua droo haraka, akahesabu noti sita, zamu hii moja moja, akazisukuma. "Shika mama. Samahani sana."

Mama mkwe hakuzishika. "Usinipe mkononi. Malalamiko yapo benki na yana namba. Ziweke kwenye akaunti zilikotoka, utupe risiti, na wewe uripoti ziada yako leo, kabla hawajakuuliza. Ukiripoti mwenyewe ni kosa la kazi. Wakiikuta, ni jina lingine."

Akaziweka. Mashine ikatoa risiti. Mbali kwenye kambi ya barabara simu ya mume ikalia kwamba elfu sitini zimeingia.

"Bado," mama mkwe alisema, mkono haujatoka tunduni. "Ulimfokea kwa sauti. Sikusikii ukiongea kwa sauti."

Wakala akaweka uso karibu na wavu. "Jamani," aliwaambia watu wa foleni, "Jumatatu huyu shemeji yangu alisema kweli. Nilimpa pungufu mimi."

"Sema tena, huku nyuma hatukusikia!" mtu mmoja akapiga kelele, na watu wakacheka, na Bi Harusi akagundua kwamba yeye hacheki, analia, na kwamba mkono ulio begani mwake umembana kwa nguvu kuliko inavyohitaji mtu asiyeona kuongozwa.

Mama mkwe hakuomba radhi, siku ile wala nyingine. Nyumba ilibaki ile ile, ujia ule ule, magoti yale yale, na "Nani?" ile ile. Wifi aliacha kuja kwa miezi miwili, kisha akaja na mchele kana kwamba hakuna neno. Upasuaji ulifanyika, jicho la kulia likaendelea kuujua mlango. Lakini mwezi uliofuata ujumbe wa benki ulipoingia, kabla Bi Harusi hajamaliza kuusoma, mama mkwe aliitaja ile namba ya siri kwa sauti ya kawaida kutoka kitini kwake, kama mtu anayetaja saa. Bi Harusi alisimama na karatasi mkononi, hakujua aiweke wapi. Baadaye mume alianza kutuma kwenye simu ya mkewe, na mama mkwe akasema ilikuwa wakati, kamba ilikuwa inamkata shingo.

Waliishi hivyo miaka mingine mitano. Bi Harusi hakusahau zile nguo zilizokunjwa bapa. Kuna siku alizikumbuka akiwa anamwosha miguu, na mikono yake ikawa mizito, kisha ikaendelea kuosha. Alijua pia kwamba yule mwanamke asingemwekea ile mipira kiganjani kama asingekuwa amepekua kwanza sanduku akakosa. Mambo hayo mawili hayakuwahi kutengana kichwani mwake, aliyabeba pamoja.

Asubuhi ya mwisho mama mkwe hakuwa kitini. Alikuwa amelala, kifua kinapiga filimbi, na daktari wa zahanati alikuwa ameandika dawa. Mume alituma pesa. Bi Harusi aliandika tarakimu, akavaa ndala, akaupita ujia uliokuwa mtupu, na ule utupu ukamfanya arudi chumbani kuaga.

"Natoka mara moja, mama. Naenda dirishani."

Macho hayakufunguka. Mkono ulitoka chini ya shuka, ukatafuta, ukaukuta wake, na kidole cha shahada kikajizungusha polepole kwenye kidole chake kama kinapima.

"Hesabu na vifuniko," alisema.